Logi ya a inatoka wapi katika derivativu ya a^x

*Mwalimu, shikamoo. Nipo kidato cha sita. Tumeambiwa derivativu ya a^x ni a^x ln a. Nimejaribu kuithibitisha kwa kuanzia kwenye fasili, nikafika kwenye (a^h − 1)/h nikakwama. Kitabu kinasema tu kwamba kikomo chake ni ln a. Hiyo logi imetoka wapi, wakati mwanzoni hapakuwa na logi yoyote? Rafiki yangu anasema nitumie kanuni ya L'Hôpital. Je, ni sawa?*

Marahaba. Hatua uliyofikia ni sahihi, na hutakwamuka kwa kuendelea kupangua aljebra, kwa sababu aljebra imekwisha kutoa yote iliyo nayo. Kinachotakiwa sasa ni kukitazama hicho kikomo chenyewe na kukiuliza kina tabia gani. Ukifanya hivyo utakuta kwamba kinageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na kwamba kinashusha kipeo na kukiweka mbele kama kizidisho. Hizo ndizo tabia za logi. Kwa hiyo logi haikuletwa na mtu kutoka nje. Ilikuwa imekaa ndani ya uwiano huo tangu mwanzo, ila haikuwa imeandikwa kwa jina lake.

Turudi hatua moja ili tuone kwa nini tatizo lote limejikusanya mahali pamoja. Kwa fasili, derivativu ya a^x ni kikomo cha (a^(x+h) − a^x)/h pale h inapokaribia 0. Kwa kuwa a^(x+h) = a^x · a^h, tunatoa a^x nje:

(a^(x+h) − a^x)/h = a^x · (a^h − 1)/h

Herufi x imebaki nje ya uwiano, nao uwiano uliobaki una a na h peke yake. Kwa hiyo h ikishakwenda 0, kinachobaki ni namba moja inayotegemea kizio a tu, yaani ile namba tunayoipandisha. Tuiite L(a). Sentensi moja tayari imethibitishwa bila logi: derivativu ya a^x ni a^x mara L(a). Tena, kwa x = 0, a^0 ni 1, kwa hiyo L(a) ni mteremko wa grafu ya a^x pale inapokata mhimili wa wima. Swali lako lote ni hili: mteremko huo ni kiasi gani?

Kabla ya kuthibitisha chochote, ipime namba hiyo kwa mkono. Chukua kikokotoo cha kawaida chenye kitufe cha kipeuo cha pili, andika 2, kisha bonyeza √ mara 10. Kila mbonyezo unagawa kipeo kwa 2, kwa hiyo umefika kwenye 2^(1/1024), na kioo kitaonyesha 1.00067713. Hapo h ni 1/1024. Toa 1, kisha zidisha kwa 1024, kwa maana kugawa kwa h ni kuzidisha kwa 1024. Utapata 0.69338. Rudia kwa 3 upate 1.09920, na kwa 6 upate 1.79333. Sasa jumlisha jibu la 2 na jibu la 3: ni 1.79258. Linakaribia mno jibu la 6, na tofauti ni 0.00075 tu. Hapo ndipo logi inapochungulia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa 2 mara 3 ni 6, na majibu yao yamejumlishwa.

Kazi ya namna hii ilifanywa kwa subira kubwa na Henry Briggs wa Uingereza katika majedwali yake ya logi ya mwaka 1624, miaka 10 baada ya John Napier wa Uskoti kutoa majedwali ya kwanza. Briggs alianza na 10 akatafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu, akaendelea hivyo mara 54, akibeba tarakimu zaidi ya 30 baada ya nukta. Aliona kwamba ukishuka vya kutosha, kile kinachozidi 1 kinapungua kwa nusu kila kipeo kinapopungua kwa nusu. Maana yake ni kwamba uwiano wa kinachozidi kwa kipeo umetulia. Ukichukua namba zake ukagawanya, uwiano huo kwa 10 ni 2.302585. Wakati huo Newton wala Leibniz hakuwa amezaliwa, na neno derivativu halikuwapo, lakini kikomo ulichokwama nacho kilikuwa tayari kimepigiwa hesabu.

Tahadhari moja kabla hujaenda kubonyeza zaidi. Usidhani kwamba ukibonyeza √ mara nyingi zaidi jibu litazidi kuwa bora bila mwisho. Kwenye kikokotoo kinachobeba tarakimu 10 tu, ukibonyeza mara 30 kuanzia 2, thamani halisi ni 1.00000000065 hivi, lakini mashine itaihifadhi kama 1.000000001 ikikadiria kwa juu, au 1 kamili ikikata. Ukitoa 1 na kuzidisha kwa 1073741824, utapata 1.07 au 0, na yote mawili ni upuuzi. Dalili yake ni kwamba majibu yaliyokuwa yakishuka taratibu na kutulia yanaanza ghafla kurukaruka. Si kikomo kilichoharibika, ni tarakimu zilizokwisha. Vikokotoo vingi vina tarakimu za akiba zisizoonekana kwenye kioo, kwa hiyo huchelewa kufikia hapo, lakini vyote hufika.

Sasa uthibitisho. Jambo la kwanza, ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimyakimya, ni kwamba kikomo kipo. Kuona namba zinatulia kwenye kioo si hoja. Chukua a iliyo kubwa kuliko 1, na uchague h kuwa sehemu kama m/q, ambapo m na q ni namba nzima chanya. Andika t kwa a^(1/q). Basi a^h ni t^m, na unakumbuka kutoka kwenye mfululizo wa kijiometri kwamba t^m − 1 = (t − 1)(1 + t + t² + … + t^(m−1)). Kwa hiyo

(a^h − 1)/h = q(t − 1) · (1 + t + … + t^(m−1))/m

Sehemu ya mwisho ni wastani wa namba m, na kwa kuwa t inazidi 1, kila namba mpya inayoongezwa ni kubwa kuliko zilizotangulia, hivyo wastani unapanda m inapopanda. Maana yake, ukiacha q ilivyo, uwiano wetu unapanda h inapopanda na unashuka h inaposhuka. Vipeo viwili vyovyote vya sehemu vinaweza kuandikwa kwa q moja, kwa hiyo hoja inafunika sehemu zote. Na kwa kuwa a^h haina mruko popote, inafunika na namba nyingine zote. Basi h inaposhuka kuelekea 0 kutoka upande wa kulia, uwiano unashuka bila kurudi nyuma, na hauwezi kupita chini ya 0 kwa sababu a^h inazidi 1. Kitu kinachoshuka daima na kina sakafu lazima kitulie mahali. Kikomo kipo.

Upande wa kushoto hauhitaji kazi mpya. Weka −h mahali pa h, utapata

(a^(−h) − 1)/(−h) = a^(−h) · (a^h − 1)/h

na kwa kuwa a^(−h) inakwenda 1, pande zote mbili zinakutana kwenye namba ileile. Tena upande huu unatupa zawadi: uwiano wa kushoto unapanda kuelekea kikomo wakati wa kulia unashuka, kwa hiyo L(a) imebanwa katikati. Ukiweka h = 1 unapata kwamba L(a) haipungui 1 − 1/a wala haizidi a − 1. Kwa a = 2, iko kati ya 0.5 na 1. Muhimu zaidi kwetu ni kwamba si 0, jambo tutakalolihitaji hivi punde. Kwa a iliyo kati ya 0 na 1, tumia 1/a; utaona kwamba L(1/a) = −L(a), ambayo ni sawa kabisa, kwa kuwa grafu ya (1/2)^x inateremka kwa kadiri ileile ambayo 2^x inapanda. Na L(1) ni 0, kwa sababu 1^x haibadiliki.

Tukishajua kwamba kikomo kipo, tunaweza kukiuliza tabia zake. Anza na kuzidisha. Uwiano wa ab unaweza kupasuliwa hivi:

((ab)^h − 1)/h = (a^h − 1)/h + (b^h − 1)/h + h · (a^h − 1)/h · (b^h − 1)/h

Fungua mabano ya upande wa kulia uhakikishe mwenyewe. Ni mistari miwili tu. Viwiano viwili vya kwanza vinakwenda L(a) na L(b). Kipande cha mwisho kina h mbele yake, na hivyo viwiano viwili vilivyozidishwa vinatulia kwenye namba za kawaida, kwa hiyo kipande chote kinakwenda 0. Basi L(ab) = L(a) + L(b). Kipande hicho cha mwisho ndicho ile tofauti ya 0.00075 uliyoiona kwenye kikokotoo: 0.69338 mara 1.09920, gawanya kwa 1024, ni 0.00074, na tarakimu ya mwisho imepotea kwenye ukadiriaji. Ninapenda mwanafunzi aione tofauti hiyo kwa macho yake, maana hapo kikomo kinaacha kuwa ishara ya kuandikwa na kinakuwa kitu kinachofanya kazi.

Tabia ya pili inahusu vipeo. Mahali pa a weka a^c, ambapo c ni namba yoyote isiyo 0. Uwiano unakuwa (a^(ch) − 1)/h. Andika k kwa ch. Basi uwiano huo ni c mara (a^k − 1)/k, na h ikienda 0, k nayo inakwenda 0. Kwa hiyo L(a^c) = c · L(a). Hapa ndipo kipeo kimeshuka na kukaa mbele, na kwa hakika tabia hii peke yake inatosha kumaliza kazi.

Tazama jinsi inavyomaliza. Tunatafuta kizio ambacho mteremko wake pale x = 0 ni 1 kamili, kwa sababu kizio hicho kitakuwa na derivativu isiyo na kizidisho chochote cha kubeba. Je, kipo? Tunajua L(2) si 0, kwa hiyo tunaruhusiwa kugawa kwayo. Chukua c = 1/L(2). Basi L(2^c) = c · L(2) = 1. Kizio tunachokitaka ni 2^(1/L(2)), na tukitumia L(2) = 0.693147, kipeo ni 1.442695, na 2 kwa kipeo hicho ni 2.71828. Namba hiyo unaifahamu: ndiyo e. Hatukuileta, imejileta yenyewe kwa kuulizwa swali moja tu, yaani ni kizio gani kina mteremko 1. Wala hatukuwa na haja ya kuanzia 2. Ungeanzia 3 au 10 ungefika palepale, kwa sababu mteremko unapanda kizio kinapopanda, kwa hiyo hakuna vizio viwili vyenye mteremko mmoja.

Sasa chukua a yoyote chanya. Kwa maana yenyewe ya logi, a ni e iliyopandishwa kwa logi ya a yenye kizio e, yaani a = e^(ln a). Weka hilo ndani ya L:

L(a) = L(e^(ln a)) = ln a · L(e) = ln a

Basi (a^h − 1)/h inakwenda ln a, na derivativu ya a^x ni a^x ln a. Ukiisoma tena polepole, utaona kwamba ln a ni idadi ya mara ambazo mteremko wa a^x pale mwanzoni unazidi ule wa e^x. Grafu ya 8^x ni grafu ya 2^x iliyobanwa kwa mlalo mara 3, kwa kuwa 8^x = 2^(3x), hivyo mteremko wake ni mara 3, na kwa hiyo L(8) = 3 · L(2). Vilevile grafu ya a^x ni grafu ya e^x iliyobanwa mara ln a. Swali la "kubanwa mara ngapi" ndilo swali la "kipeo gani", na swali la kipeo gani ndilo swali la logi.

Ipo njia ya pili ambayo huenda umeiona: andika u kwa a^h − 1, ili h iwe logi ya 1 + u kwa kizio a, kisha ugeuze uwiano uwe 1 gawanya kwa logi ya (1 + u)^(1/u). Njia hiyo ni halali, mradi umekwisha kuthibitisha kwamba (1 + u)^(1/u) inakwenda e. Hapo e imefasiliwa kwa kikomo hicho, na kazi yote tuliyoifanya juu kuhusu kuwapo kwa kikomo imehamishiwa huko, haijatoweka. Mtu akikuonyesha uthibitisho wa mistari mitatu, muulize e aliifasili vipi, kisha utazame kama mstari mmojawapo haukukopa kitu ambacho bado hakijathibitishwa.

Hilo linatufikisha kwa rafiki yako. Kanuni ya L'Hôpital inasema ugawanye derivativu ya juu kwa derivativu ya chini. Derivativu ya h ni 1, sawa. Derivativu ya a^h − 1 ni ipi? Ni ileile uliyokuwa unaitafuta. Akiandika a^h ln a, amelitumia jibu kupata jibu, na mtahini makini atamnyima alama ingawa mstari wa mwisho ni sahihi. Kosa hilohilo limo kwa anayeandika mfululizo wa e^x bila kueleza aliupataje, kwa sababu katika mtaala wako mfululizo huo hupatikana kwa kutumia derivativu. Kuandika a^x = e^(x ln a) na kutumia kanuni ya mnyororo si kosa la kuzunguka, ilimradi derivativu ya e^x imethibitishwa kwanza; lakini ukiulizwa wazi kuanzia kwenye fasili, hiyo haitoshi.

Kosa jingine ninaloliona mara nyingi ni kuandika x · a^(x−1), kwa kuifuata kanuni ya x^n. Kanuni ile ni ya kipeo kisichobadilika na kizio kinachobadilika. Hapa mambo yamegeuzwa. Njia ya haraka ya kulikamata ni kuweka x = 0: jibu hilo linatoa 0, yaani grafu ya 2^x ingekuwa tambarare pale inapokata mhimili, ilhali tumepima mteremko wake hapo na ni 0.693. Ukitaka kujihakikishia upande wa jibu sahihi, chukua x = 3. Fomula inatoa 8 mara 0.693147, yaani 5.545. Kisha piga hesabu ya 2^3.001 toa 2^2.999, gawanya kwa 0.002, utapata 5.545.

Nimalizie na matumizi yanayoonyesha kwa nini ln a haipaswi kuchanganywa na a − 1. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kasi ya ongezeko kati ya sensa ya 2012 na hiyo ilitajwa kuwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Tukichukulia kwamba ongezeko linaendelea hivyo, idadi baada ya miaka x ni 61,741,120 mara 1.032^x. Mwaka wa kwanza wote unaongeza asilimia 3.2, yaani watu wapatao 1,975,700. Lakini mteremko wa grafu pale x = 0 ni 61,741,120 mara ln 1.032, na ln 1.032 ni 0.0315, si 0.032. Kasi ya wakati ule ni kama watu 1,944,800 kwa mwaka. Hesabu hizi mbili hazigombani: ya kwanza ni jumla ya mwaka mzima, ambamo kasi yenyewe imekuwa ikipanda siku kwa siku, na ya pili ni kasi pale mwaka unapoanza. Ni ule ubano tuliouona juu, kwamba L(a) haizidi a − 1. Kizio kikiwa karibu sana na 1 tofauti ni ndogo, lakini kwa 2 ni 0.693 dhidi ya 1, na hapo anayetumia a − 1 kama derivativu atakosea kwa zaidi ya theluthi moja.